Msimbo Mmoja, Watu Wawili

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu na vijana wa kamati. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili hapa Lamu, na mwenyekiti ameniomba nifupishe. Lakini kila msimu wa sherehe mabishano mlangoni ni yale yale, watu wawili wanakuja na tiketi moja ya simu, kwa hiyo mtanivumilia.

Msimbo wa QR hauna siri ndani yake. Ni maandishi tu, aghalabu nambari ya tiketi, yaliyochorwa kwa vijiraba ili kamera iyasome upesi. Picha yake ikisambazwa kwa WhatsApp hadi kwa watu kumi, picha zote kumi ni sahihi, wala hakuna kamera itakayotambua ipi ilitangulia. Kinachomzuia wa pili ni orodha: simu ya mlangoni husoma nambari, huitafuta orodhani, na ikiikuta haijatumika huitia alama pamoja na saa.

Sasa chukueni sherehe ya wageni 300, yenye milango miwili na simu moja kila mlango. Saa moja na nusu usiku umati umejaa, kila mtu anarusha video, mtandao unazidiwa, na simu ya mlango wa nyuma inakatika na orodha kuu. Programu nyingi haziachi kazi hapo. Huendelea kukagua kwa nakala ya orodha iliyomo ndani ya simu yenyewe. Saa mbili na dakika tano tiketi nambari 118 inaingia mlango wa mbele. Dakika mbili baadaye picha ya tiketi hiyo hiyo inafika mlango wa nyuma, na simu inawaka kijani bila kusita, kwa kuwa habari za mbele hazijaifikia. Mtandao ukirudi saa tatu mtaona kwamba 118 imeingia mara mbili, na kwa wakati huo wote wawili wanakula biriani.

Najua kuna kijana hapa anataka kuniambia kuhusu misimbo yenye sahihi ya kidijitali. Sahihi hiyo huthibitisha, hata bila mtandao, kwamba tiketi mliitoa nyinyi. Haithibitishi kwamba haijatumika. Mwingine atataja msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache. Huo kweli huiua picha iliyosambazwa, lakini aghalabu humtaka kila mgeni awe na programu yake, na bibi wa Langoni aliyetumiwa tiketi na mjukuu wake wa Mombasa hana haja ya kusumbuliwa hivyo.

Dawa ni kuigawa orodha. Tiketi 1 hadi 150 ziingie mbele, 151 hadi 300 ziingie nyuma, na mlango uandikwe kwenye tiketi. Kila nambari sasa inaishi ndani ya simu moja tu, na mtandao ukipotea hakuna kinachoharibika. Yule wa pili mwenye 118 akienda nyuma ataelekezwa mbele, na mbele ataambiwa kwamba tiketi imetumika saa mbili na dakika tano.

Hapo ndipo kelele huanza, kwa sababu aliyetangulia si lazima awe ndiye mwenyewe. Mtoeni huyo wa pili pembeni ili foleni isisimame. Msimuulize jina peke yake. Akina Fatma Mohamed wako wangapi katika mji huu, na Mohamed huyo ameandikwa kwa namna ngapi? Muulizeni tarakimu nne za mwisho za simu iliyolipia, au awaoneshe ujumbe wa M-Pesa, mlinganishe na orodha. Vikilingana, muulizeni kama picha alimpa mtu. Mama aliyenunua tiketi tano huwa na misimbo mitano, na mara nyingi huwa amewatumia wanawe watano picha moja. Huyo hana hila, mtafutieni nambari zake nyingine. Aliyenunua moja akampa ndugu yake, tiketi yake imeshaingia, arudi nyumbani.

Mwenyekiti ananionesha saa, basi simu mbovu nitazipitia mbio. Kioo kilichopasuka husomeka mara nyingi, kwa sababu msimbo hubeba ziada ya kufidia sehemu iliyoharibika, kati ya asilimia 7 na 30 kwa kadiri ulivyotengenezwa. Ufa ukipita juu ya mojawapo ya miraba mitatu mikubwa ya pembeni, kamera inaweza kushindwa kuuona kabisa. Kwanza mgeni aongeze mwanga wa skrini. Ikishindikana, andikeni kwa mkono nambari iliyo chini ya msimbo, na anayechapisha tiketi bila nambari hiyo ajitayarishe kwa aibu. Aliyeishiwa chaji atafutwe kwa jina na zile tarakimu nne.

Simu ya mlangoni yenyewe ikizima, hufa pamoja na kumbukumbu ya walioingia ambayo haijatumwa. Kwa hiyo kijana wa pili akae na orodha iliyochapishwa, iliyopangwa kwa nambari, akitia alama ya kalamu kila simu inapowaka kijani, tangu mgeni wa kwanza.