Majibu ya HVL: kuongea na mteja ambaye virusi havionekani

Haya karibuni tuendelee. Leo nipo na WAVIU washauri, yaani wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, pamoja na manesi wapya wa CTC, kliniki ya huduma na matunzo ya VVU, na nimeomba tushike kitu kimoja tu, zile dakika chache unazokaa na mteja kumpa majibu yake ya HVL, kipimo cha wingi wa virusi vya Ukimwi kwenye damu. Mara nyingi tunamwambia "hongera mama, virusi havionekani" alafu tunaita mwingine, na yeye anaondoka na tafsiri yake kichwani. Mmoja anaelewa amepona, mwingine anaelewa walimdanganya tangu mwanzo hana ugonjwa, mwingine anadhani virusi vimejificha vinamsubiri akizubaa. Wote hao wamepewa majibu yaleyale.

Sasa tuanze na karatasi yenyewe. Namba iliyoandikwa pale ni kopi za kirusi zilizohesabiwa kwenye mililita moja ya maji ya damu, plazima. Ikiwa 45,000 unaona wazi virusi vinazaliana. Ikiwa imeandikwa <50 maana yake mashine imeishia kwenye uwezo wake wa kuhesabu, chini ya hapo haitoi namba ya kuaminika. Kuna mashine inaishia 20, nyingine 40, ndiyo maana mtu akihamia kituo kingine karatasi inaweza kubadilika na mwili wake upo vilevile. Na ikiwa imeandikwa TND, hapo mashine haijaona kirusi kabisa kwenye ile damu uliyotuma. Mimi huwa nawaambia wateja hivi, mizani ya kupimia magunia ya mahindi ukiiwekea punje moja inasoma sifuri, lakini punje ipo pale juu, na wote wanaelewa maana kila mtu ameshaiona ile mizani mnadani.

Punje yenyewe iko wapi? Hapa msiharakishe, hapa ndipo mteja anapopata sababu ya kuendelea na dawa. Kirusi kikiingia kwenye seli ya CD4, askari wa kinga ya mwili, kinapachika maelekezo yake ndani ya vinasaba vya ile seli. Seli nyingi zinakufa, ila kuna chache zinazotulia, zinalala kwenye tezi, kwenye kuta za utumbo, zinaweza kukaa miaka na miaka bila kutoa kirusi hata kimoja. Dawa zetu zinazuia kirusi kisizaliane, haziwezi kuifikia seli iliyolala na kufuta yale maelekezo. Kwa hiyo mtu akiacha dawa, seli kadhaa zinaamka, zinatoa virusi, na hamna kitu cha kuvizuia, kwa walio wengi ndani ya wiki mbili mpaka nne hivi namba inaanza kuonekana tena kwenye damu.

Angalieni hizo wiki mbili vizuri. Mtu anaweza kuacha dawa Jumatatu, wiki inayofuata akapima HVL na ikatoka haionekani. Ukimwuliza atasema mimi siku hizi situmii dawa na karatasi hii hapa, nimepona. Wenye kukumbuka mwaka 2011 mnajua magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, na wapo walioacha ARV baada ya pale. Ile karatasi inaeleza damu ya siku uliyokata, na ile damu ilikuwa bado inakula matunda ya vidonge vya wiki zilizopita. Mwambieni mteja hivyo kabisa, majibu haya umeyapata kwa sababu ya vidonge ulivyomeza.

Na mwambieni mapema kwamba akienda kupima kipimo cha haraka cha kidole bado kitasoma ana maambukizi, maana kile hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulishatengeneza. Alafu vile vya kujipima kwa mate nyumbani visitumiwe kabisa na mtu aliyeko kwenye dawa, kwake vinaweza kutoa jibu la kwamba hana na hilo jibu si la kweli, mtu akaacha dawa kwa furaha.

Sasa upande wa pili ambao tunaogopa kuusema. Kuna manesi bado wanaficha habari ya kwamba mtu ambaye virusi havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa, wanasema tukiwaambia watatupa kondomu. Mimi nakataa kabisa, huyu mtu ana haki ya kujua kitu kinachohusu mwili wake na ndoa yake. Utafiti wa HPTN 052 ulitangaza matokeo ya kwanza mwaka 2011, jozi 1,763 za wenzi kutoka nchi 9, Kenya ikiwemo, mmoja ana VVU mwenzake hana, na kwenye matokeo ya mwisho ya 2016 maambukizi kutoka kwa mwenzi hayakuonekana pale ambapo virusi vya mwenye VVU vilikuwa vimeshuka na kutulia. Ukaja utafiti wa PARTNER kule Ulaya, ule uliotoka 2016 ulihesabu matendo kama 58,000 bila kondomu, na hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake ambaye virusi vyake vilikuwa chini ya 200. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo likaweka wazi, visipoonekana hatari ya kumwambukiza mwenzi kwa ngono ni sifuri, vikionekana lakini ni 1,000 au chini yake hatari ni ndogo mno, karibu hakuna, na juu ya 1,000 hapo hatari ipo.

Mipaka yake pia muiseme. Hii ni kwa ngono. Kunyonyesha hatari inashuka sana ila haijafika sifuri, kwa hiyo mtoto bado anapewa dawa ya kinga na anapimwa kwa ratiba. Kisonono, kaswende na mimba havihusiani na HVL, huko kondomu bado ina kazi. Na mtu aliyeanza dawa mwezi uliopita hajafika bado, asubiri majibu, kwa kawaida kipimo cha kwanza ni mwezi wa 6, kinafuata cha mwezi wa 12, kisha mara moja kwa mwaka akiwa yuko vizuri.

Tuchukue mfano tuufuate mwanzo mpaka mwisho, nimeutunga kutokana na mambo tunayokutana nayo. Tumwite Mama Neema, anauza samaki sokoni, yupo kwenye TLD, ARV tatu ndani ya kidonge kimoja kwa siku. Mwezi wa 6 karatasi ilisoma <50. Mwezi wa 12 TND. Mwaka uliofuata ikaja 1,860, na mume wake hana maambukizi.

Kosa la kwanza tunalofanya ni kumpokea kwa "mama, mbona umeacha dawa?" Ukishasema hivyo atakwambia anameza kila siku saa mbili na hapo mazungumzo yameisha, hata kama kuna tatizo hutalisikia tena. Mwonyesheni karatasi tatu kwa pamoja, umwambie mama, hizi mbili zilikuwa hivi na hii ya leo imepanda, tusaidiane kujua nini kimebadilika hapa katikati. Alafu nyamaza umsikilize. Uliza siku inavyokwenda, anaamka saa ngapi, kidonge anakimeza na nini, mara ya mwisho kilimpita lini, kuna dawa gani nyingine anatumia, ya hospitali, ya dukani, ya miti shamba, ya maombi, zote.

Mama Neema anasema anameza kila asubuhi kabla ya kwenda mwaloni, na vidonge vilivyobaki kwenye kopo ukivihesabu kweli vinalingana na tarehe. Sasa kama vidonge vinalingana tatizo liko wapi? Unaendelea kuuliza, unakuta miezi kadhaa sasa tumbo linamuunguza, na mtu wa duka la dawa amemzoesha zile magnesiamu za kutafuna, anatafuna mbili asubuhi palepale anapomeza TLD ili tumbo lisimsumbue njiani.

Hapo ndipo penyewe. Ndani ya TLD kuna dolutegraviri, na dolutegraviri ikikutana tumboni na magnesiamu au aluminiamu inashikana nayo, haipiti kuingia kwenye damu, inatoka na choo. Mama anameza kidonge kila siku na mwili unapata sehemu ndogo tu ya ile dawa. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo vinafanya hivyohivyo, ndiyo maana wajawazito muwaulize kila mara. Dawa ya asidi kama hizo magnesiamu za kutafuna imezwe masaa 6 kabla ya TLD, au kama TLD imetangulia basi ipite masaa 2 ndipo atafune. Vya kuongeza damu na kalsiamu anaweza kumeza pamoja na TLD ila awe na chakula, hicho chakula hakisaidii kwa dawa ya asidi msichanganye. Kwa tumbo lake mpelekeni kwa daktari, kuna dawa kama omeprazo ambayo haina ugomvi na dolutegraviri.

Mama akashauriwa TLD aihamishe iwe usiku baada ya chakula, magnesiamu aache mpaka amwone daktari. Akaja vikao vitatu vya ushauri, mwezi kwa mwezi, na baada ya miezi 3 damu ikakatwa tena. Msikate damu wiki ijayo kwa haraka, mwili unahitaji muda ndipo namba iseme ukweli kuhusu mabadiliko aliyofanya. Na mteja asibadilishiwe dawa kwa karatasi moja, usugu wa dolutegraviri upo ila si mwingi, kwanza muondoe sababu kama hizi. Kama angekuwa anatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini ningewaambia habari nyingine, huyo anaongezewa dolutegraviri nyingine baada ya masaa 12.

Hapohapo kuna mtu anauliza, na ikija 70 au 120 kwa mtu aliyekuwa haonekani? Usimtishe. Namba ndogo kama hiyo inaweza kupanda mara moja na kushuka yenyewe, labda alikuwa na malaria au homa siku ile, au ni kuyumba tu kwa kipimo. Tena kupanda kutoka 60 kwenda 130 kimaabara si kupanda, mpaka namba iongezeke kama mara tatu ndipo tunasema kuna kitu kimebadilika kweli. Unauliza kuhusu dozi kama kawaida, unarudia kipimo, na ikiendelea kuonekana kila ukipima hapo unachimba.

Turudi kwa mume. Ile miezi ambayo namba ilikuwa 1,860 walirudi kwenye kondomu, mume akapimwa na akaelezwa habari ya PrEP, dawa kinga, achague mwenyewe. Mlieleze hili bila kumfanya mama aonekane mkosaji mbele ya mume wake, kama anataka wakae wote wawili mnaita wote, kama hataki ni siri yake. Majibu ya marudio yakarudi <50, na kabla hajaondoka nesi akamwuliza, mama ukifika nyumbani baba Neema akikuuliza karatasi imesemaje utamjibu nini? Akasema, "Nitamwambia virusi vipo ila dawa imevibana, nikimeza vizuri siwezi kukuambukiza, nikiacha vinarudi." Nesi akaandika kwenye kadi tarehe ya kukata damu tena.