Masika, Ukungu na Kikapu cha Ukindu

Hamjambo, ndugu zangu. Leo tunazungumzia shida tatu za vikapu vya kusuka: ukungu, kubonyea na kufumuka. Kwa kuwa tuko Tanga na masika yameshaingia, nitakaa zaidi kwenye ukungu, yaani kuvu inayoota juu ya kikapu. Ndio unaomaliza vikapu vingi hapa pwani, na mara nyingi unaanzia kabatini.

Chukua kiondo cha mkonge chenye mikanda ya ngozi. Mtu ametoka nacho sokoni, mchicha umeacha majimaji chini, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili kisipate vumbi. Baada ya majuma machache anakuta madoa meupe na ya kijani. Mara nyingi ngozi ndiyo hutangulia, hasa pale iliposhonwa, kisha kitako. Plastiki imezuia unyevu usitoke, na jasho la mikono na mabaki ya chakula vimekuwa chakula cha kuvu.

Hapo wengi hukimbilia maji na sabuni. Subirini kwanza. Ukilowesha ukungu kabla ya kuupangusa, unausugua uingie ndani ya nyuzi. Kitoe nje, jifunge kitambaa puani, upige brashi kavu kufuata msuko. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana rangi nyingine huchuja. Isipochuja, lowesha kitambaa, kikamue sana, ndipo ufute nyuzi tu. Ngozi ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, bila siki.

Kikaushe kivulini penye upepo, kikilala ubavu ili hewa ipite ndani. Jua la asubuhi kwa muda mfupi halina neno, lakini la mchana hupausha rangi na kuufanya ukindu ukakamae. Kabla ya kukirudisha kabatini, weka kitako chake shavuni: ukihisi ubaridi, bado kina maji. Madoa meusi yanaweza kubaki hata kuvu ikishakufa. Yaacheni jamani, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe italegeza nyuzi.

Kubonyea ni shida zaidi ya kikapu cha ukindu, maana kiondo cha mkonge ni laini, hukunjika kikakunjuka. Usiukunjue ukindu mkavu, utakatika. Unyunyizie maji kidogo, ngoja kama robo saa ulainike, kisha shindilia kanga kuukuu ndani mpaka umbo lirudi, ukiache kikauke hivyo hivyo. Magazeti huacha wino.

Kuhusu kufumuka, kumbukeni kwamba kikapu cha ukindu ni ukili mrefu, yaani utepe uliosukwa, uliozungushwa na kushonwa, mzunguko juu ya mzunguko. Uzi ukikatika mahali pamoja, uzito wa mzigo huvuta mshono wa jirani. Kwa hiyo usiukate wala kuuvuta uzi unaoning'inia. Chukua sindano ya gunia, anza nyuma kidogo ya palipoachia, pale mshono ulipo bado imara, ushone mpaka upite upande wa pili wa palipoachia, kisha ufiche ncha ndani ya ukili.