Aliyelipwa mara mbili hajitokezi

Habari za jioni, ndugu zangu. Waliowahi kunisikia Moshi wanajua ninachokuja kusema, nawaona wameshaanza kutabasamu. Vumilieni. Siku mtakapoacha kuandika alama ya mlipofikia kwenye faili la pembeni, nitatafuta mada nyingine.

Bechi ni nini, siwaelezi. Kila aliyemo humu ana skripti inayopita kwenye orodha ndefu usiku, ikifanya jambo moja kwa kila mstari. Mimi nataka kuzungumzia jambo moja tu: ikifia katikati, utaiwashaje upya ianzie pale ilipoishia, bila kurudia na bila kuruka?

Nianze na kisa changu. Skripti niliandika mwenyewe, kwa hiyo simsingizii mtu. Chama kimoja cha ushirika cha kahawa, huko mlimani, kilitaka kuwaingizia wakulima malipo ya pili kwenye leja. Wakulima 6,240. Kwa kila mmoja unachukua kilo alizoleta, unazidisha na nyongeza ya bei, unaingiza kwenye akaunti yake. Kazi ya dakika chache. Nami, kijana mwerevu wa wakati ule, nikajua umeme unaweza kukatika, nikaweka kinga. Kila wakulima 500 wakiisha, skripti inaandika namba kwenye faili linaloitwa `mwisho.txt`. Ikizimika, unaiwasha, inasoma faili, inaendelea. Nilijiona fundi kweli.

Umeme ukakatika. Skripti ilikuwa imeshamaliza mkulima wa 3,737, na kila mkulima alikuwa ameingia kwenye kanzidata peke yake, papo hapo. Faili linasema 3,500. Umeme uliporudi, karani akaiwasha, ikasoma faili kwa utiifu mkubwa, ikaanzia 3,501. Hesabuni wenyewe: wakulima 237 wamelipwa mara mbili.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna kitabu kinachowaambia. Mkulima aliyekosa malipo utamkuta mlangoni saa moja asubuhi, na daftari lake, na shahidi. Aliyelipwa mara mbili? Humwoni! [Kicheko] Kwa siku nne ofisi ilikuwa shwari, hakuna hata lalamiko moja, nami nikahesabu huo ukimya kuwa ushindi. Aliyegundua ni mama mhasibu, tena kwa njia ya kawaida kabisa: alijumlisha leja, akalinganisha na kiasi kilichotengwa, leja ikazidi kwa zaidi ya shilingi milioni 19. Wengine walikuwa wameshachukua chao dirishani. Zilikatwa msimu uliofuata, na hayo mazungumzo na wazee siwahadithii leo.

Kuna atakayesema, "Basi andika faili kabla ya kazi, si baada." Naam, nililisikia hilo siku hiyohiyo. Tufuate. Skripti inaandika 4,000, kisha inaanza kulipa 3,501 hadi 4,000, inafia kwa 3,737. Ukiiwasha, inaanzia 4,001. Wakulima 263 hawakulipwa, na leja haina dalili yoyote. Yaani umechagua tu nani aumie. Alama baada ya kazi, unarudia. Alama kabla ya kazi, unaruka. Na usiniambie utaandika faili kila baada ya mkulima mmoja: utapunguza idadi hadi mmoja, lakini yule mmoja yupo. Nafasi kati ya kazi na alama imebaki palepale, umeifanya nyembamba tu.

Mfikirieni konda wa basi la Moshi na Arusha. Anapokea nauli akiwa Boma Ng'ombe, basi linasimamishwa karibu na KIA, anashuka kuongea na trafiki, anarudi. Anajuaje nani amelipa? Akitegemea kichwa, "nilifika kiti cha kumi na tatu", ameisha. Konda mzuri anatoa tiketi mkono uleule unaopokea hela. Hakuna hata sekunde ambayo hela imepokelewa na tiketi haijatoka.

Kwenye kanzidata, huo mkono mmoja unaitwa muamala. Alama isikae kwenye faili. Iwe safu kwenye jedwali, ndani ya kanzidata ileile yenye leja, na ibadilishwe ndani ya muamala uleule unaolipa. Kwa PostgreSQL, fungu lile la nane, yaani wakulima wa 3,501 hadi 4,000, lingekuwa hivi:

```sql
BEGIN;
SELECT namba_mwisho FROM alama
 WHERE kazi = 'malipo-pili' FOR UPDATE;  -- imerudisha 3500
INSERT INTO leja (kazi, mkulima, kiasi)
SELECT kazi, mkulima, kiasi FROM orodha
 WHERE kazi = 'malipo-pili'
   AND namba > 3500 AND namba <= 4000;
UPDATE alama SET namba_mwisho = 4000
 WHERE kazi = 'malipo-pili';
COMMIT;
```

Umeme ukikatika popote kabla ya `COMMIT` kukamilika, kanzidata ikiamka inalitupa fungu zima: malipo 237 hayapo, na alama bado ni 3,500. Ukikatika baada yake, yote 500 yapo na alama ni 4,000. Hali ya tatu haipo. Hapo unaanzia 3,501 bila wasiwasi, na ulichopoteza ni sekunde chache za kazi.

Hiyo `FOR UPDATE` msiipite haraka. Karani akiwa na papara akawasha skripti mara mbili, ya pili itasubiri kwenye ile safu mpaka ya kwanza imalize fungu, kisha itasoma 4,000, si 3,500. Na kwenye leja wekeni sharti la upekee kwa `(kazi, mkulima)`. Kuna wanaopenda kuongeza `ON CONFLICT DO NOTHING` hapo ili mambo yapite kimya. Kwa kazi hii mimi sipendi. Kama alama yangu ni sahihi, marudio hayawezi kutokea. Yakitokea, nataka skripti ipige kelele na isimame, kwa sababu kuna kitu sikukielewa.

Naona mkono pale nyuma, na swali nalijua: kwa nini nisifunge wakulima wote 6,240 kwenye muamala mmoja? Jibu langu huwashangaza watu: fanya hivyo! Kama kazi yote iko ndani ya kanzidata na inaisha kwa dakika moja, muamala mmoja, nenda nyumbani, wala huhitaji alama. Shida inaanza kazi ikichukua saa tatu. Ikifa saa ya pili na nusu, umerudi sifuri. Safu ulizozibadilisha zimefungwa muda wote huo, na karani wa dirishani anayetaka kugusa akaunti mojawapo anasubiri, na foleni inamwangalia. Ndiyo maana tunakata mafungu. Upande wa pili, usikate fungu la mtu mmoja mmoja. Kila `COMMIT` inasubiri diski ikiri kwamba imeandika, na diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika inachukua milisekunde 8 na ushee kwa mzunguko mmoja tu. Mafungu ya 500 yanakupa `COMMIT` 13 badala ya 6,240. Mia tano si namba takatifu. Chagua fungu linaloisha kwa sekunde moja au mbili.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hata wazoefu wanaingia. Umetuma `COMMIT`, mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Je, imeingia au haijaingia? Hujui. Programu yako haijui pia. Watu wengi wanaandika "ikishindwa, jaribu tena fungu hilihili", kwa kutumia namba iliyo kwenye kumbukumbu ya programu. Kosa! Unganisha upya, soma alama kutoka kwenye jedwali, anza na inachosema jedwali. Ndiyo maana kila fungu linaanza kwa kusoma alama, hata kama unadhani unaijua.

Muda unaniishia, kama kawaida, kwa hiyo haya mengine nakimbia.

Orodha. Mmeona nimesoma kutoka `orodha`, si kutoka jedwali la wakulima. Mwanzoni kabisa nagandisha orodha: nanakili kila anayestahili na kiasi chake, nampa namba ya 1 hadi 6,240, basi. Ukisoma jedwali hai kwa `OFFSET 3500`, mkulima mmoja wa mwanzoni akifutwa mchana, wote wanasogea nafasi moja na mtu mmoja anarukwa. Hata kufuata kitambulisho kinachopanda hakutoshi, kwa sababu safu inaweza kupewa kitambulisho kidogo sasa na muamala wake ukakamilika wewe umeshapita.

Mstari mbovu. Mkulima wa 2,118 hana kiasi, fungu zima linakataliwa. Unawasha tena, linakataliwa tena, mpaka Krismasi. Fungu likishindwa, lirudie mmoja mmoja kwa `SAVEPOINT`. Anayeshindwa mrudishe kwenye `SAVEPOINT` yake, muandike kwenye jedwali la kando pamoja na ujumbe wa kosa, endelea na mwenzake, na alama ipande ndani ya muamala huohuo. Lakini weka kikomo. Wakifika ishirini kando, simama. Wakulima ishirini hawaharibiki kwa pamoja. Hapo kilichoharibika ni bei.

Na pesa za simu. Hili lilistahili mhadhara wake. Haya yote niliyosema yanafanya kazi kwa sababu leja na alama viko nyumba moja. Ukituma hela kwenye simu ya mtu, `ROLLBACK` haizirudishi. Hapo kwanza unaandika safu "inatumwa" yenye namba ya kumbukumbu uliyoitunga wewe, unaifanyia `COMMIT`, ndipo unatuma kwa namba hiyohiyo, kisha unaandika "imetumwa". Ukiamka baada ya ajali, zile zilizobaki "inatumwa" usizitume tena kiholela. Muulize mtoa huduma kuhusu namba ile kwanza. Na kama mtoa huduma hana njia ya kuulizwa, zile ni za mama mhasibu kuziangalia kwa macho.

La mwisho, maana mlinzi ameshaanza kuzungusha funguo. Msiniambie skripti yenu inaendelea vizuri kama hamjaiua. Orodha ya majaribio, iwashe, `kill -9` katikati, iwashe tena, iue tena, mara kumi, popote itakapokuwa. Kisha endesha hii:

```sql
SELECT o.namba, COUNT(l.mkulima)
FROM orodha o LEFT JOIN leja l
  ON l.mkulima = o.mkulima AND l.kazi = o.kazi
WHERE o.kazi = 'malipo-pili'
GROUP BY o.namba HAVING COUNT(l.mkulima) <> 1;
```

Irudishe safu sifuri, ukiondoa wale uliowaweka kando. Na kwa jaribio hili tu, ondoeni lile sharti la upekee, lisije likawafichia kosa. Haya, swali moja, kisha tutoke kabla hatujafungiwa humu.