Sekunde mbili au tatu? Jiwe lililorushwa ziwani

Mwangaluka! Naona walimu mmekaa nyuma na vijana wa kidato cha tano mko mbele, na ndivyo ninavyotaka. Naomba picha irudi ukutani. Ni ukurasa wa fizikia uliopigwa picha kwa simu, upande mmoja umepinda na kivuli cha kidole kimeanguka kwenye mstari wa mwisho. Swali linasema jiwe limerushwa kutoka juu ya mwamba kando ya ziwa kwa mwendokasi wa mita 19.6 kwa sekunde, pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo. Kimo chake juu ya maji, kwa mita, ni

h = 14.7 + 9.8t − 4.9t²

Tafuta muda jiwe litakaokuwa hewani. Basi. Msiende kujaribu pale kwenye Jiwe la Bismarck, watu wanapita na mitumbwi.

Nimelipigia kelele jambo hili mpaka wengine mnacheka kabla sijafungua mdomo. Cheka tu, lakini ukipewa swali hili, kwanza utaandika T = 2u sin θ / g. Mara mbili ya 19.6, mara nusu, gawa kwa 9.8, unapata sekunde 2. Unapiga mstari chini ya jibu, mara mbili kabisa, unafunga daftari.

Sasa chukua hiyo 2 uirudishe kwenye mlinganyo. 14.7, jumlisha 19.6, toa 19.6. Kimebaki 14.7. Kwa hiyo kwenye sekunde ya 2 jiwe lako liko mita 14.7 juu ya maji, na wewe umeshatangaza kuwa limezama. Kanuni ile haikukosea hesabu. Imejibu swali lake yenyewe: jiwe litarudi lini kwenye kimo lilikoanzia? Uwanjani, kwenye ardhi tambarare, kimo cha kuanzia na cha kutua ni kimoja, kwa hiyo inafaa. Juu ya mwamba haifai.

Najua mtu atasema: mwalimu, hiyo kanuni imo kitabuni. Imo. Na juu yake kuna sentensi inayosema ni kwa kitu kinachotua kwenye usawa uleule. Sentensi hiyo haipigwi picha. Watu wanapiga picha ya kisanduku chenye kanuni, wanaacha maneno.

Basi tusome mlinganyo kabla ya kukokotoa. Weka t = 0, unabaki na 14.7. Huo ndio urefu wa mwamba, kwa hiyo hata kama mchoro umekatwa kwenye picha, mlinganyo wenyewe umeshakuambia jiwe limeanzia juu. Hiyo 9.8 ya katikati ni sehemu ya wima ya mwendo wa kuanzia, 19.6 mara sin 30°. Imefanana na mvutano wa dunia kwa bahati tu, msiichanganye. Na 4.9 ni nusu ya mvutano wa dunia, yenye alama ya kutoa kwa sababu tumeamua kwenda juu ndiko chanya. Sifuri ya kimo iko kwenye uso wa maji. Kwa hiyo kutua ni h = 0:

14.7 + 9.8t − 4.9t² = 0

Gawa kila kitu kwa −4.9 upate t² − 2t − 3 = 0. Vigawo vyake ni (t − 3)(t + 1). Majibu ni 3 na −1. Jiwe linakaa hewani sekunde 3.

Hapa ndipo kalamu inapokimbia kuikata ile −1. “Muda hauwi hasi.” Subiri kidogo, tuiulize inatoka wapi. Mlinganyo haujui kuna mwamba wala mkono. Unajua njia ya jiwe tu, na njia hiyo ukiirudisha nyuma inashuka mpaka kwenye maji. Kama jiwe lingerushwa kutoka usoni mwa maji sekunde 1 mapema, likipanda kwa 19.6 wima, lingepita juu ya mwamba wakati t = 0 likiwa na 9.8 ileile. Tunaikataa −1 kwa sababu wakati huo jiwe lilikuwa bado mkononi, na mlinganyo unaanza kazi kwenye sifuri.

Na kabla ya kuikataa, itumie. Katikati ya −1 na 3 ni 1, na kwenye sekunde ya 1 jiwe liko kileleni. Hakiki: mwendo wa wima ni 9.8 − 9.8t, na kwa t = 1 ni sifuri. Kimo hapo ni 19.6. Majibu yako mawili yasipokuwa na kilele katikati yao, rudi ukatafute kosa.

Na usikariri kwamba daima unachukua jibu chanya. Tuseme nataka kujua jiwe litapita lini kwenye kimo cha mita 18.4. Utapata karibu nusu sekunde, na karibu sekunde moja na nusu. Yote chanya, na yote kweli: moja likipanda, lingine likishuka. Ukiniuliza kimo cha mita 24.5, chini ya kipeuo unapata namba hasi. Hesabu haijaharibika, jiwe halifiki huko.

Turudi kwenye picha, maana kuna kosa moja linanikera kuliko yote. Ile 2 ndogo juu ya t imefifia. Mwanafunzi anasoma 14.7 + 9.8t − 4.9t. Anapata 14.7 + 4.9t = 0, yaani t = −3. Anajua muda hauwi hasi, anafuta alama, anaandika 3. Sahihi! Mwalimu anayesahihisha mstari wa mwisho peke yake anampa alama zote. Walimu wa nyuma, nawaona mnavyoinamisha vichwa. Dawa yake ni vipimo: 4.9 ni mita kwa sekunde mraba, ikizidishwa kwa sekunde mara moja haitoi mita. Huwezi kuijumlisha na 14.7. Na ikifutika alama ya kutoa mbele ya 4.9, utapata t² + 2t + 3 = 0, isiyo na jibu lolote halisi. Jiwe linapaa moja kwa moja. Angalia picha tena.

Naonyeshwa saa, haya. Kutumia 10 badala ya 9.8: ukibadilisha 4.9 kuwa 5 na kuacha namba nyingine, unapata kama 2.95 na vigawo vinakataa. Tumia namba uliyopewa. Upinzani wa hewa, nauruka, swali limeupuuza. Umbali wa mlalo ni 19.6 cos 30° mara 3, karibu mita 51. Ukizidisha kwa zile sekunde 2 unapata kama 34, kwa hiyo kosa la muda linahamia huko pia, na kwenye kila kipengele kinachofuata cha swali.

Maswali? Kijana wa pembeni, umeinua mkono tangu kwenye −1, anza wewe.