Usiandike "Kazi Nyepesi"

Nasema tena, na waliowahi kunisikia wanivumilie: "kazi nyepesi" si maneno ya kumpelekea afisa wa rasilimali watu. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi, na barua za kurudi kazini baada ya ugonjwa zenye maneno hayo nimeziona zikirudi mikono mitupu.

Chukueni mama mmoja, karani wa stoo huku Eneo la Viwanda. Alipasuliwa mgongo, akakaa nyumbani wiki 11. Barua ya daktari ikasema: "Apewe kazi nyepesi wiki 6." Jibu la ofisi? "Hapa hatuna kazi nyepesi. Rudi ukipona."

Nikamwambia arudi kliniki, na safari hii abebe orodha ya kazi zake za siku nzima: kupokea katoni, kupanda ngazi, kuandika risiti, kuhesabu mali. Daktari hajawahi kuiona stoo yako, atajuaje? Barua ya pili ikatoka hivi: asinyanyue zaidi ya kilo 5, asiketi zaidi ya dakika 45 bila kusimama, asifanye shifti ya usiku, aonwe tena baada ya wiki 6. Hapo ofisi ina kitu cha kujibu.

Naye akaandika ombi lake. Wiki mbili za kwanza, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, risiti na hesabu tu. Saa tatu, kwa sababu matatu ya alfajiri unasimama umejikunja, na mgongo ule haungestahimili. Wiki ya tatu na ya nne, saa sita kwa siku. Mbili za mwisho, siku nzima bila kubeba. Akaweka tarehe ya mwisho, na sentensi moja ambayo wengi huisahau: mpango huu ni wa muda, mkataba wangu haubadiliki. Usipoiandika, mshahara wa nusu siku waweza kugeuka wa kudumu.

Mtaniambia sheria haimlazimishi mwajiri. Kweli, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataja siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, hicho ndicho kiwango cha chini, wala haizungumzii kurudi hatua kwa hatua. Lakini kifungu cha 41 kinasema huwezi kuachishwa kwa kutojiweza kimwili kabla ya kuelezwa sababu na kusikilizwa, mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama akiwepo. Siku hiyo, ombi lako lenye muhuri wa kupokewa ndilo litakalosema ulijaribu.

Mshahara wa hizo wiki mkubaliane kabla ya siku ya kwanza. Muda unaniishia.

Nakala moja impe msimamizi wako. Wiki ya tatu, msimamizi wa yule mama alimwambia, "Shika katoni hii mara moja tu." Ofisi haikuwa imemwambia lolote. Mama akatoa karatasi mfukoni mwa aproni, wakaisoma pamoja pale mlangoni, na katoni ikabebwa na mwingine.