Anayesema "Sawa" kwa Kila Kitu

Hili la wafanyakazi kunyamaza nimelisema sana, na nitalisema tena, maana bado wapo mameneja wanaojisifu kwamba vikao vyao ni vitulivu. "Timu yangu haina matatizo." Haina, au huambiwi? Mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa hospitalini, akachapisha mwaka 1996: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Walikuwa wanathubutu kusema.

Sasa sikilizeni kisa. Meneja kijana kakabidhiwa ghala la dawa. Ana haraka, ana majibu ya kila kitu. Mtunza stoo ni mama wa siku nyingi, mbishi kwelikweli: "Mzigo huu utaisha muda kabla haujatoka." Miezi ikapita, neno lake likabaki moja: sawa. Kazi anafanya, hesabu zake safi, ndiyo maana kijana hakushtuka. Kunyamaza kwa namna hii hakuonekani kwenye ripoti.

Siku moja yakakutwa makatoni yaliyoisha muda, nyuma ya mapya.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

Kijana akafungua kumbukumbu za vikao. Kweli, hoja imo mara tatu, na mara zote jibu ni "tutaliangalia".

Najua mnachotaka kuniuliza: kwani lazima nikubali kila ninachoambiwa? Nani kasema? Kataa! Lakini kataa waziwazi, na utoe sababu. "Tutaliangalia" isiyo na tarehe ni kukataa kwa mtu mwoga.

Basi kijana akamwendea mama, akamuuliza kama kuna tatizo lolote. Hakuna. Ulitegemea nini, kwa swali kama hilo? Kesho yake akarudi na zile kumbukumbu: "Hapa ulianza kueleza, nikakukatiza. Naomba uniambie yaliyobaki." Kisha akanyamaza. Mama akaanza kusema. Katikati kijana akafungua mdomo ajitetee, akaufunga. Mwisho akarudia alichoelewa: "Kwa hiyo unataka rafu zipangwe upya."

"Hapana. Rafu hazina shida. Mlango ni mmoja, na siku ya kupokea mnatukimbiza, kwa hiyo mzigo mpya unawekwa mbele ya wa zamani."

Mnaona? Angeondoka bila kurudia, angenunua rafu mpya na dawa zingeendelea kuisha muda. Wakakubaliana siku ya kupokea iongezwe nusu saa, mzigo wa zamani utolewe kwanza, mpya uingie nyuma.

Na msidhani mama alibadilika hapo hapo. Wiki kadhaa ilikuwa bado ni sawa, sawa, anapima kama ile nusu saa itadumu siku malori yakichelewa. Ilipodumu, ndipo akamwambia kijana mbele ya wote kwamba ratiba yake mpya haitekelezeki. Kijana akauliza kwa nini.

Nilitaka pia kuwagusa wale wanaosema kupita kiasi, wanaomeza nafasi ya wengine, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali.