Naskhi au thuluthi ukutani? Tuanze na maneno yenyewe

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Mtu akiniuliza ubao wake wa ukutani uandikwe kwa hati ya Kiarabu ya naskhi au ya thuluthi, humwomba kwanza anioneshe maneno anayoyataka.

Hati zote mbili tunazipima kwa nukta, yaani ile alama ya pembe nne inayoachwa na ncha ya kalamu ya tete. Alifu ya naskhi husimama kama nukta 5, ya thuluthi hufika 7. Naskhi ni hati ya vitabu. Msahafu wa Madina alioandika Uthman Taha ni naskhi. Maneno yanafuatana juu ya mstari na jicho halikwami. Katika thuluthi herufi ni ndefu, matumbo yake ni mapana, na mwandishi ana ruhusa ya kupandisha neno juu ya neno.

Chukueni ubao wa sentimita 150 kwa 50, na maneno ya Sura Hud, aya ya 88: “Wa maa tawfiiqii illaa billaah”. Ni machache, lakini yana herufi 7 zilizosimama: alifu 4 na lamu 3. Kwa naskhi utapata mstari mmoja mwembamba, na juu na chini pabaki patupu. Kwa thuluthi, nukta ikiwa na sentimita 3, alifu inafika 21. Zile 7 zinasimama kwa mpangilio, na yaa ya “tawfiiqii” inarudishwa kulia, ikapita chini ya maneno na kuyabeba. Irabu zinaziba mapengo. Hapo sisiti hata kidogo: thuluthi.

Sasa mtu alete Ayatul Kursiy, maneno 50, kwa ubao wa 90 kwa 60. Ukiipandanisha kwa thuluthi, herufi zitakonda na msomaji atapotea. Mimi ningeiandika naskhi, mistari 6, alifu ya sentimita 3, na kila mstari upate nafasi ya kupumua.

Angalizo kuhusu thuluthi ya kompyuta. Fonti nyingi hupanga maneno kwenye mstari mmoja kama naskhi, kwa hiyo unapata herufi ndefu zenye mapengo katikati yake. Mpangilio lazima uchorwe na mwandishi wa hati. Naye akimaliza, mpeni mchoro mtu anayesoma Kiarabu bila kumtajia aya. Maneno yaliyopandana husomwa kuanzia chini kulia kwenda juu. Akifika “billaah” kabla ya “illaa”, mchoro urudiwe kabla mbao haijakatwa.

Na kama fundi atakata herufi kwa msumeno, akumbuke kwamba nukta za taa, faa, kafu na baa, pamoja na irabu, hazikushikana na kitu. Zitadondoka. Kila kipande kigandishwe kwenye ubao wa nyuma, huku mchoro wa ukubwa kamili ukiwa pembeni, maana nukta moja ya kafu ikipotea, imeshakuwa faa.